Mteja kaandika "mifuko sitachukua", kijana wangu akamjibu hatukopeshi. Mtu anayeandika kwa kuongea na simu anajibiwaje?

Mama Pembejeo Uyole

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la pembejeo hapa Uyole, oda nyingi za wateja wa Rungwe na Isyonje zinaingia kwa WhatsApp. Juzi umeingia ujumbe huu, naunakili kama ulivyo:

> habari dada ni mimi wa kule rungu naomba unitunzie kani mifuko sitachukua hela kwa mdogo wangu yuko hapo stendi huria sihitaji tena gari ya Joni ikipita wape

Mimi nilikuwa nashusha mzigo, simu anayo kijana wangu wa dukani. Yeye akasoma "sitachukua hela", akaona huyu ana mambo ya hela asiyoyaelewa, labda anataka mkopo. Akamjibu: "Hatukopeshi mkuu, na ujifunze kuweka nukta." Mteja kimya.

Usiku niko naosha vyombo, nikamsomea binti yangu huo ujumbe tucheke. Yeye hakuuona, aliusikia tu. Akaniambia, "Mama, si anataka mifuko sita?" Mikono ikaniganda kwenye maji. Mifuko sita. Chukua hela kwa mdogo wangu, yuko hapo stendi. Yule mdogo wake kumbe alikaa stendi na hela mfukoni mpaka mchana, na mzigo wakaenda kuchukua Tukuyu.

Sasa naanza kuona hizi meseji ni nyingi, sio huyu mmoja. Mnazitambuaje, na mnazijibuje bila kumwaibisha mtu?

Kijana wa Igurusi

Mbolea ya CAN mfuko wa kilo hamsini bei gani hapo kwako? Na ile ya kilo 25 ipo?

Mama Pembejeo Uyole

Ipo mdogo wangu, njoo pembeni nikwambie bei. Hapa tunaongelea kitu kingine.

Mzee wa Kabwe

Hiyo rahisi. Ujumbe wowote usio na nukta wala mkato, huyo kaongea na simu. Na mtu anayeongea na simu ujue hajui kuandika. Mtumie sauti tu, yameisha.

Fundi Simu Mwanjelwa

Mzee wangu shikamoo. Nusu uko sahihi, nusu utamponza dada.

Kukosa nukta peke yake hakusemi kitu. Pitia simu yako mwenyewe uone ni wangapi wanaweka mkato kwenye meseji. Vijana wote hawaweki na wameandika kwa vidole. Angalia maneno yamekosewa *vipi*.

Anayeandika kwa kidole akikosea, anazaa neno ambalo halipo. Ataandika "nmefka", "mifyko", "cjaja bdo", au ataandika "habali" kwa sababu ndivyo anavyotamka. Simu inayosikiliza ni nadra sana kuandika "mifyko". Yenyewe ina maneno inayoyajua, na kila sauti unayotoa inatafuta neno mojawapo inaloona limekaribia, halafu inaliandika kwa herufi zote kamili. Kwa hiyo kosa lake linakuja limevaa suti. Tazama ujumbe wa dada: hakuna hata neno moja lililokatwa. Rungu ni neno. Kani ni neno. Huria ni neno safi kabisa. Ila hakuna mtu anayeishi rungu, ni Rungwe, na hakuna duka linalouza kani, ni CAN, na huria ni mbolea ya Urea. Ukiona tahajia haina doa na maana imepinda, hapo kuna maiki.

Halafu sisi Waswahili tuna balaa letu. Kiswahili tunaandika tunavyotamka, kwa hiyo hatuna sana yale maneno mawili yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Kwetu ajali inatokea kwenye *mpaka wa neno na neno*. "Sita, chukua" na "sitachukua" mdomoni ni kitu kimoja usipopumzika katikati. Umepumzika, ni oda. Hukupumzika, umekataa. Simu haioni ile pumzi, na haiweki mkato wa kuionyesha.

Jambo la mwisho, majina. Urea, CAN, Rungwe, Uyole, majina ya dawa, hivyo ndivyo vitu ambavyo simu inavikosea sana kwa sababu haivisikii mara nyingi kama inavyosikia "huria". Bahati mbaya kwenye oda ya duka, majina na idadi ndiyo oda yenyewe.

Mjukuu wa Tukuyu

Fundi umenikumbusha bibi yangu. Mwaka juzi tulimwekea hiyo maiki. Meseji yake ya kwanza kwenye grupu la familia: "wajukuu mvua imenyesha Saidi mwaka huu mpaka mgomba umeanguka". Siku nzima watu wanaulizana Saidi ni nani, na shangazi wa Dar akadhani kuna mtu kafariki.

Kumbe ni "zaidi". Bibi ni Mnyakyusa wa zamani, kwenye lugha yetu z haipo, yeye anasema "saidi" tangu azaliwe. Angeandika kwa mkono angeandika "saidi" kwa herufi ndogo na sote tungemwelewa hapo hapo. Simu ikamgeuza kuwa mtu, na herufi kubwa ikampa. Toka siku hiyo nikiona jina la mtu limechomoza katikati ya sentensi na halina kazi, nalitamka kwa lafudhi ya bibi kwanza.

Mama Pembejeo Uyole

Hahaha, Saidi! Lakini umesema kitu. Binti yangu hakuwa na akili kuliko kijana wa dukani, yeye alisikia tu wakati mwenzie anasoma.

Fundi Simu Mwanjelwa

Hiyo ndiyo dawa dada. Ujumbe wa namna hii usiusome kwa macho. Utamke kwa sauti, haraka, kama vile hakuna nafasi kati ya maneno. Sema: "unitunziekanimifukositachukuahelakwamdogowangu". Sikio litakata lenyewe panapostahili. Jicho linashindwa kwa sababu linaziamini zile nafasi, na nafasi ni za simu, sio za mteja.

Mwalimu Mstaafu Iringa

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, naomba niongeze moja ambalo hamjaligusa, na kwangu ni baya kuliko hilo la "sitachukua".

Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno kuuliza swali. "Mvua imenyesha" ni taarifa. "Mvua imenyesha?" ni swali. Tofauti yote iko kwenye mlio wa sauti, na kwenye maandishi iko kwenye kiulizi peke yake. Mtu akiongea na simu, mlio anautoa vizuri kabisa, simu inautupa, na kiulizi haiweki. Unabaki na maneno makavu.

Mpwa wangu analima viazi. Alinitumia: "mjomba nimepiga dawa jana usiku mvua imenyesha nirudie leo". Tafakari hapo. "Nirudie leo?" anaomba ushauri. Lakini pia inawezekana aliagizwa na bwana shamba na ananiarifu. Na ule "usiku" ni wa dawa au wa mvua? Alipiga dawa jana usiku? Hakuna anayepiga dawa usiku, kwa hiyo nikaupeleka kwenye mvua. Lakini niliamua kwa kujua kilimo, kwenye sentensi hapakuwa na msaada wowote. Angekuwa mtu nisiyemjua ningebahatisha.

Wazee wetu walikuwa wanaanza na "je". Ukianza na "je", hata simu ikila kiulizi swali linabaki swali. Vijana wameiacha "je" wanaona ni ya redioni.

Mzee wa Kabwe

Mwalimu, sasa ulimjibu nini?

Mwalimu Mstaafu Iringa

Nilimuuliza mvua ilinyesha saa ngapi baada ya kupiga, maana dawa ya kugusa tu jani ikioshwa kabla haijakauka imekwenda na maji. Jibu hilo lingemfaa awe alikuwa anauliza au anaarifu. Hiyo ndiyo njia yangu: nikishindwa kujua kama ni swali, natafuta jibu linalofaa pande zote mbili.

Mkata Tiketi Makambako

Msisahau saa. Abiria wangu wa Njombe aliniandikia "niwekee siti ya 2:00". Nikamwekea ya saa nane mchana, mimi nimesoma 2:00 kama ilivyo kwenye simu. Yeye alisema kwa mdomo "saa mbili", yaani asubuhi. Simu ikamwekea nukta mbili na sifuri zake kama saa ya ukutani. Akafika stendi asubuhi gari imejaa. Siku hizi nikiona saa yenye nukta mbili katikati ya maandishi yasiyo na hata mkato mmoja, najua hakuigusa kwa kidole, namuuliza asubuhi au mchana.

Chuma wa Mafinga

mimi ni mmoja wao mkono wangu wa kuume uliumia kwenye mashine ya mbao hapa ma finga mwezi wa tatu nimeandika kwa kuongea sasa najibiwa kama mtoto mtu ananitumia sauti dakika nne mimi niko kiwandani mashine zinalia sisikii kitu naomba mniandikie tu macho yangu ni mazima na kusoma nasoma nilikuwa Karani

Kijana wa Igurusi

Kaka hii aya yako inachosha macho. Weka basi hata nukta.

Mama Pembejeo Uyole

Igurusi, mwenzio kasema mkono umeumia.

Chuma, pole sana kwa mkono. Nimekuelewa: kusoma unasoma, unataka maandishi, sauti usitumiwe. Mkono unaendelea vizuri sasa?

Chuma wa Mafinga

asante dada umenielewa vidole viwili havijarudi nikitaka nukta nasema nukta simu inaandika neno nukta ndio maana niliacha

Mzee wa Kabwe

Chuma, hapo nimekosea mimi. Nilisema anayeongea na simu hajui kuandika. Samahani.

Chuma wa Mafinga

hamna shida mzee wapo wasiojua lakini usianze na hilo

Mjukuu wa Tukuyu

Sasa wote wawili wana haki. Bibi yangu kusoma ni shida, ukimwandikia mistari mitatu anampelekea mtoto wa jirani, na siri zote zinajulikana kijijini. Yeye sauti ndiyo heshima. Chuma sauti ni kero. Meseji zao ukiziangalia zinafanana kabisa. Utamjuaje yupi ni yupi?

Fundi Simu Mwanjelwa

Kwa ujumbe mmoja humjui, usijidanganye. Ujumbe unakwambia *alivyoandika*, haukwambii kwa nini. Mikono ina matope, ameshika mtoto, yuko kwenye bodaboda, macho yamechoka, hajasoma, yote yanatoa maandishi yale yale. Mimi natuma maandishi mafupi kwanza, mistari miwili. Akinijibu kwa kurekodi sauti, basi nami naenda kwa sauti. Namfuata yeye.

Dada, kijana wako alikosa mara mbili. Kwanza alijibu neno lililokuwa la simu kana kwamba ni la mteja. Lile "sitachukua" yule baba hakulisema. Pili kamwambia ajifunze nukta, na umesikia Chuma hapo, nukta yenyewe haiandikiki. Ni kama kumlaumu mtu kwa kelele za laini.

Ningekuwa mimi ningemrudishia oda yake kwa maneno yangu, zile sehemu za hatari tu:

> Habari kaka. CAN mifuko 6, hela nachukua kwa mdogo wako stendi, mzigo unapanda gari ya Joni. Urea siweki. Ni hivyo?

Namba naandika kwa tarakimu makusudi, maana "6" haishikani na neno linalofuata. Rungu simtajii, kani simtajii. Yeye akisoma anaona CAN na Urea, anajua nimeelewa, na hajui kama nilisoma rungu.

Msimwandikie "sijakuelewa, unamaanisha nini". Atashika maiki arudie yote upya, na simu itakosea pale pale au pengine pabaya zaidi. Sasa una mafumbo mawili.

Mwalimu Mstaafu Iringa

Fundi, naafiki, ila "ni hivyo?" imebeba mambo manne. Akijibu "ndiyo" ameafiki lipi? Na jihadhari na kukanusha. Ukimuuliza "Urea huhitaji?", mmoja atajibu "ndiyo" akimaanisha ndiyo, sihitaji. Mwingine atajibu "ndiyo" akimaanisha naihitaji. Nimeona hata watu waliokaa meza moja wanapotezana hapo. Uliza "Urea niweke au niache?" Ajibu "weka" au "acha".

Na hapo kwenye Urea kwenyewe sijaridhika. "Huria sihitaji tena gari ya Joni ikipita wape." Ninyi mmeweka kituo baada ya "tena". Kinaweza kukaa kabla yake: "Urea sihitaji. Tena, gari ya Joni ikipita, wape." Ya kwanza ina maana aliwahi kuagiza Urea na sasa anafuta. Ya pili hakuwahi. Dada, aliwahi kuagiza?

Mama Pembejeo Uyole

Mwalimu! Nimefungua daftari. Wiki ile alikuwa ameweka oda ya Urea mifuko miwili, ipo nyuma ya duka imeandikwa jina lake mpaka leo.

Mwalimu Mstaafu Iringa

Basi "tena" ni ya Urea. Daftari limeweka nukta.

Fundi Simu Mwanjelwa

Mwalimu kwenye kukanusha umenifunga, nakubali. Ila kwenye "weka" na "acha" nina wasiwasi kidogo. Neno moja peke yake simu inalisikia vibaya kuliko sentensi. Ikiwa na maneno ya jirani inabahatisha kwa kuangalia jirani, ikipewa neno moja tu haina pa kuegemea. Mteja wangu aliulizwa "nibadilishe kioo au niache", jibu likaja "Asha". Nikamuuliza Asha ndiye mwenye simu?

Mjukuu wa Tukuyu

Kumbe Saidi ana dada.

Mwalimu Mstaafu Iringa

Hapo basi mwambie abonyeze 1 au 2.

Chuma wa Mafinga

namba moja kidole kinatosha hiyo naipenda lakini msiniwekee orodha ndefu kama ya benki

Mzee wa Kabwe

Na kwa nini msimpigie tu simu?

Mama Pembejeo Uyole

Mzee, msimu huu wa kukuzia napokea oda mpaka arobaini kwa siku, nikipiga simu zote duka nalifunga. Na wengine kule juu mtandao unashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu, anatuma anashuka. Nampigia mwenye hela nyingi au ambaye kosa lake haliwezi kurudishwa. Dawa ya kupiga shambani nampigia daima, vipimo sitaki kubahatisha kwa maandishi.

Mkata Tiketi Makambako

Mimi nilijaribu kuwaambia abiria moja kwa moja: "naona umetumia maiki, hakiki kabla hujatuma". Mmoja alikasirika, akaniuliza nimejuaje, namchungulia? Mwingine alishukuru. Sijui niendelee au niache.

Fundi Simu Mwanjelwa

Mimi huwa siwaambii. Mjukuu wa Tukuyu anasema bibi yake alifurahi kuambiwa. Tumebishana hapa kijiweni tangu asubuhi hatujaelewana.

Mama Pembejeo Uyole

Mrejesho wakuu. Jana nilimwandikia yule baba. Sikueleza mambo ya maiki wala nini. Niliandika: "Kaka samahani, ulitaka CAN mifuko 6 tukakujibu vibaya, kosa ni letu. Urea yako mifuko 2 nimeitoa kwenye oda. Ukihitaji kitu niambie." Kijana wa dukani nimemkalisha chini, sasa anasoma meseji kwa sauti mpaka wateja walioko dukani wanageuka.

Leo asubuhi baba kajibu:

> sawa dada hamna neno nakuja na jumatano niwekee zile pakiti za ukungu

Nimeitamka mara tatu. "Nakuja Jumatano, niwekee", na ile "na" imeingia kwa bahati mbaya?

Mwalimu Mstaafu Iringa

Au "nakuja na Juma. Tano niwekee, zile pakiti za ukungu." Pakiti tano, sarufi inaruhusu. Ana mtu anaitwa Juma?

Mama Pembejeo Uyole

Mdogo wake wa stendi ndiye Juma! Lakini pia Jumatano ndiyo siku ya gari ya Joni.

Nimemwandikia: "Karibu. Pakiti ngapi, na unakuja siku gani?" Bado tiki moja.